Moto, mia na mfuko wa pesa: emoji tatu za kusifia kazi na kunadi biashara

🔥 husifia kitu, 💯 huthibitisha kauli, 💰 huongelea hela. Watu wengi huzimwaga zote tatu kwa mpigo, na kwenye pongezi za haraka hakuna anayedhurika. Lakini ukiwa unauza, au unampongeza mtu ambaye mambo yake hayajakaa sawa, kila moja inagusa mahali pake.

Moto ndiyo emoji rahisi kuliko zote. Unaiweka chini ya picha ya gauni, keki, msuko au logo mpya, na maana yake inaeleweka bila neno lolote: hiki kitu ni kikali. Haidai ushahidi, kwa sababu ni hisia ya anayetazama. Ndiyo maana inamfaa karibu kila mtu, kuanzia aliyemaliza chuo hadi fundi aliyepaka rangi ukuta ukang'aa. Ipo mipaka miwili tu. Kwenye chakula, mteja anaweza kuisoma kuwa ni pilipili, hasa ikikaa kwenye menyu kando ya jina la mchuzi. Na kama mwenye biashara, au soko alipo, amewahi kuunguliwa, usiiweke. Soko la Kariakoo liliwaka moto Julai 2021 na watu wakapoteza mitaji. Mtu anayefungua duka upya baada ya hasara ya namna hiyo anastahili "hongera sana" iliyoandikwa kwa maneno.

Mia ina asili yake. Emoji zilianzia kwenye simu za Japani, na hii imechukua alama ya mwalimu wa huko anayesahihisha mtihani: 100 kwa wino mwekundu, na mistari chini yake. Mwaka 2010 iliingia kwenye orodha ya kimataifa ya Unicode pamoja na moto na mfuko wa pesa, ndipo simu za kampuni tofauti zikaweza kutumiana. Siku hizi inabeba maana ya "kabisa", "kweli tupu", "asilimia mia". Mtu akiandika "huyu fundi anawahi 💯", anakuwa shahidi wa kauli hiyo.

Harufu ya mtihani haijaisha, na inajitokeza matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Binti aliyepata divisheni wani ya pointi 7, ambayo ndiyo ya juu kabisa, ukimwekea 💯 unakuwa umempiga muhuri. Kijana aliyepata divisheni three baada ya kuhangaika, naye familia imemposti kwa furaha, ukimwekea 💯 anaweza kuona unamcheka. Kwake weka 🔥, kwa maana unasifia alivyopambana na hujampa alama.

Mfuko wa pesa ndio unaohitaji akili zaidi, kwa sababu msomaji hujiuliza mara moja: hela ya nani? Rafiki akiandika 💰💰 kwenye posti ya mtu aliyefungua saluni, ni dua: wateja wajae, droo isifungike. Inapendeza. Muuzaji akiiweka mwenyewe kwenye tangazo lake, mteja anaona mfuko unaoelekea kwa muuzaji, na mfuko unaotoka ni wake. Kwenye grupu la michango ya harusi inageuka ukumbusho wa ahadi, hata kama aliyeituma alikuwa anafurahi tu. Na chini ya picha ya mahafali inaweza kumuumiza mhitimu ambaye tayari nyumbani wanamuulizia mshahara wakati bado anazungusha CV.

Kuna kundi jingine limeiharibu kabisa: wauza mikeka na waalika watu kwenye upatu wa mtandaoni. Lugha yao ni ile ile kila siku, "Mkeka wa uhakika 💯💯 wahi nafasi 🔥🔥 pesa nje nje 💰💰💰". Mteja aliyewahi kulizwa anaikumbuka sura hiyo kabla hajasoma neno. Muuza vitenge mwaminifu akizipanga emoji hizo tatu kwa mtindo huo huo, anajivika nguo za tapeli bila kujua. Nalisema hili kwa uchungu, maana wanaoumia ni wale wasio na duka wala bango, ambao tangazo la simu ndilo sura yao yote.

Tuchukue tangazo moja la raba za mtumba kwenye stetasi ya WhatsApp. Linaanza hivi:

🔥🔥🔥🔥 Mzigo mpyaaa 💯💯💯 raba kali kali 💰💰 bei njoo inboksi 🔥🔥

Mia hapo inathibitisha nini? Hakuna kauli iliyotangulia. Mfuko wa pesa umekaa pale ambapo bei ilitakiwa iwepo, kwa hiyo mteja anahisi atapangiwa bei akishaonekana. Moto umetumika mara sita kwa mzigo ambao hatujui hata saizi zake. Sasa litazame likiandikwa upya:

Raba za mtumba, mzigo wa leo 🔥
Saizi 38 hadi 43, Sh 28,000
Soli haijaachia, nimekagua moja moja 💯
Nipo Mwenge, bodaboda anakuletea

Moto mmoja upo kando ya bidhaa. Mia ipo kando ya kauli ambayo mteja anaweza kuikagua akishaishika raba, na soli ikiachia baada ya wiki atakukumbusha hiyo mia. Kwa hiyo iweke pale tu unapokuwa tayari kurudisha hela au kubadilisha mzigo. Mfuko wa pesa umeondoka, nafasi yake imechukuliwa na bei. Wateja wenyewe wakija kuandika 🔥 na 💯 kwenye picha, piga skrinshoti uiposti, maana sifa ya mteja ina uzito kuliko kumi ulizojiwekea.

Mambo yanabadilika ukitoka WhatsApp ukaenda kwenye SMS za kawaida, zile za kutumia wateja wote kwa mkupuo. Huko emoji inagharimu. Ujumbe wa herufi za kawaida unaruhusiwa hadi herufi 160, nafasi zikihesabiwa, na unalipiwa kama SMS moja. Ukiingiza emoji hata moja, ujumbe wote unabadilishiwa mfumo wa uandishi na kikomo kinashuka hadi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67, na kila kipande kinalipiwa. Tuseme tangazo lako lina herufi 140. Bila emoji ni SMS moja. Ukiongeza 🔥 mwishoni, ambao peke yake unahesabiwa kama herufi 2, unafika 142, na hizo haziingii kwenye vipande viwili vyenye jumla ya 134. Zinakuwa SMS tatu. Kwa wateja 200 umetoka kwenye SMS 200 ukaenda 600, kisa moto mmoja.

Mifumo mingi ya kutuma SMS kwa wingi huonyesha hesabu ya herufi na vipande chini ya kisanduku cha kuandikia. Ukiona idadi ya vipande imeruka ghafla wakati hujaongeza sentensi, tafuta emoji. Usipoiona, angalia alama za kunukuu zilizopinda, ambazo huingia ukinakili maandishi kutoka kwingine na huleta gharama ile ile. Zifute, andika alama za kawaida, kisha hakikisha kikomo kimerudi 160 ndipo ubonyeze kutuma.