Kukusanya sifuri kwenye ramani ya Karnaugh: dhana potofu na ukweli

Wanafunzi wa elektroniki wanaojisomea kwa vikundi hapa Tabora huzoea kukusanya moja, na wakitakiwa kutoa zao la majumlisho huhamishia mazoea yaleyale kwenye sifuri. Tuchukue fanksheni F ya A, B, C na D, yenye sifuri kwenye visanduku 0, 2, 8, 10, 11, 14 na 15, na moja kwingine kote. Mistari ya AB na safu za CD zimepangwa 00, 01, 11, 10.

Dhana potofu: kundi la sifuri husomwa kama kundi la moja, na jibu ndilo F.

Ukweli: pembe nne za ramani, yaani 0, 2, 8 na 10, ni kundi moja kwa sababu kingo zinazoelekeana ni majirani, na ndani yake B na D hubaki 0. Kundi la pili ni 10, 11, 14 na 15, ambamo A na C hubaki 1. Kisanduku cha 10 kimetumika mara mbili, jambo linaloruhusiwa. Anayeyasoma kwa mazoea huandika B'D' + AC, lakini hiyo ni F', kinyume cha fanksheni inayotakiwa. Kwa kanuni ya De Morgan tunapata:

```
F = (B + D)(A' + C')
```

Kwa hiyo kigeu kinachobaki 0 huandikwa kilivyo, na kinachobaki 1 huandikwa kwa kinyume chake. Aliyekosea akaandika (B' + D')(A + C) atagundua kosa akijaribu kisanduku cha 2, yaani 0010: jibu lake linatoa 1 mahali penye sifuri.

Dhana potofu: njia ya sifuri ni mzunguko mrefu usio na faida.

Ukweli: inategemea ramani. Hapa moja zinadai makundi manne, na hakuna linaloweza kuachwa, kwa kuwa visanduku 6, 12, 3 na 9 kila kimoja kina kundi moja tu la kukifunika:

```
F = A'B + BC' + A'D + C'D
```

Kwa geti za miingilio miwili, jibu hili linahitaji geti nne za NA, tatu za AU na mbili za kugeuza, jumla 9. Lile la sifuri linahitaji mbili za AU, moja ya NA na mbili za kugeuza, jumla 5. Nikiri kwamba mwenye chipu za 7404, 7408 na 7432 atatumia chipu tatu kwa vyovyote. Anachookoa ni nyaya na maungio ya risasi.

Dhana potofu: majibu ya njia hizo mbili hulingana daima.

Ukweli: hulingana pasipokuwa na visanduku vya X, yaani vile ambavyo thamani yake haijalishi. X iliyoingizwa kwenye kundi la sifuri imekuwa 0, na ileile ikiingizwa kwenye kundi la moja imekuwa 1. Majibu yote mawili ni sahihi, ingawa majedwali yao yatatofautiana kwenye kisanduku hicho.