Konda akisema "abiria wote hawajalipa", amemaanisha nini hasa?

Juzi nilikuwa kwenye Kosta natoka Moshi naenda Arusha, kufika Boma Ng'ombe konda akageuka akasema "jamani abiria wote hawajalipa", mama mmoja siti ya nyuma akamrukia hapohapo, "we mwanangu, mimi nauli nimekupa tangu stendi, wote gani hawajalipa?" Konda akamwambia "mama sijasema wewe, nasema wote hawajalipa, kuna watu wamebaki". Wakabishana mpaka karibu na njia panda ya KIA, na kwa jinsi nilivyosikia mimi wote wawili walikuwa wanaongea Kiswahili sahihi kabisa.

Kwenye semantiki, ile elimu ya maana katika lugha, kuna upande unaoshughulika na jambo hilihili, yaani maana ya sentensi nzima inapatikanaje kutoka kwenye vipande vyake. Wazo lenyewe ni kwamba ukijua maana ya kila kipande na ukajua vimeungwaje, maana ya sentensi unaipata, ndo maana unaelewa sentensi ambayo hujawahi kuisikia maishani. Kawaida wazo hili linahusishwa na Frege, Mjerumani wa hesabu na mantiki, na miaka ya 1970 mwanzoni Mmarekani Richard Montague akaonyesha kwamba lugha tunazoongea kila siku zinaweza kuchambuliwa hivyo kwa hesabu kabisa. Hapo kwenye "vimeungwaje" ndo pa kuangalia sana. "Dereva kampiga konda" na "konda kampiga dereva" vipande ni vilevile ila aliyeumia ni mwingine.

Sasa turudi kwenye gari. Tuseme abiria ni 28, waliolipa 25, bado 3. Neno "abiria" linatupa kundi la watu 28. "Lipa" linatupa kundi lingine, la waliolipa. "Wote" lenyewe halitaji mtu yeyote, kazi yake ni kuchukua makundi mawili na kusema la kwanza lote limo ndani ya la pili. Halafu kuna kanusho, ile "ha" ya mwanzo kwenye "hawajalipa", inageuza kweli kuwa uongo na uongo kuwa kweli. Vipande ni hivyo tu, ugomvi wote umetoka kwenye kipi kinaungwa kwanza.

Mama ameunga "ha" na "lipa" kwanza, akapata kundi la wasiolipa, lina watu 3. Ndo akaleta "wote": je, wale 28 wote wamo kwenye hilo kundi la watu 3? Hapana, yeye mwenyewe hayumo, kwaiyo kwake sentensi ni uongo na ana haki ya kukasirika. Konda yeye kaanza na "abiria wote wamelipa", ambayo ni uongo kwa sababu kuna 3 wamebaki, afu kanusho akaliweka juu ya sentensi yote, uongo ukageuka kweli. Maneno yaleyale, gari lilelile, mmoja kapata kweli mwingine kapata uongo.

Kitu ninachokipenda hapa ni kwamba "ha" kwa macho imegandishwa kwenye kitenzi, huwezi kuing'oa, ila kimaana inaweza kupanda ikakaa juu ya sentensi nzima. Yaani mahali kipande kinapoandikwa na mahali kinapofanyia kazi si lazima pawe pamoja.

Na utajuaje kama sentensi ina maana mbili kweli au ni watu wanabishana tu? Tafuta hali ambayo maana moja ni kweli na nyingine ni uongo. Kama gari ndo limetoka stendi na hakuna hata mmoja aliyelipa, mama na konda wangekubaliana, maana zote mbili ni kweli, kwaiyo hali hiyo haikusaidii kitu. Mpaka upate gari lenye mchanganyiko, kama lile la 25 na 3, ndo tofauti inaonekana. Konda angesema "si abiria wote waliolipa" kanusho lingekaa juu wazi na mama asingefungua mdomo, na angesema "hakuna abiria aliyelipa" hapo gari zima lingemgeukia.

Ila njia hii haifiki kila mahali. Ukisema yule konda ana mkono wa birika, unaweza kuunga "mkono" na "birika" mpaka kesho na hupati neno mchoyo. Nahau kama hiyo inabidi uijue nzima kama ilivyo, halafu ndo uiingize kwenye sentensi kama kipande kimoja, na kuanzia hapo kuunga kunaendelea kama kawaida: "makonda wote hawana mkono wa birika", na ubishi wa Boma Ng'ombe unaanza upya.