Mtihani wa vitendo haupimi kilo unazonyanyua

Natahini walimu wa jimu hapa Uingereza. Kila likija kundi lenye vijana wetu wa Dar na Mombasa, lazima mmoja aulize: "Kaka, nibebe kilo ngapi ndiyo nipite?" Nimechoka kujibu.

Dhana: Mwenye mwili uliojengeka atapita.

Kwenye mtihani wa Leveli 2 ya mwalimu wa jimu, nguvu zako hazina maksi hata moja. Tunatazama unavyomfundisha mtu mwingine.

Kuna kijana mmoja, kifua kama mlango. Mwenzake aliyecheza nafasi ya mteja alikuwa amejaza kwenye fomu ya afya kwamba goti linamsumbua. Yeye akaipokea fomu, akaikunja. Hakuuliza ni goti lipi wala linauma akifanya nini. Kwenye mashine ya kusukuma kwa kifua hakugusa kiti, kwa hiyo vishikio vikawa usawa wa mabega badala ya katikati ya kifua. Walipofika kwenye skwoti, magoti ya mteja yakawa yanaingia ndani, naye kasimama ubavuni anahesabu: "Saba, nane, safi sana!" Akarudia mtihani.

Alipaswa kuuliza kwanza habari za maumivu, dawa na majeraha, kisha akague kifaa. Baada ya hapo anaonyesha zoezi mwenyewe, anamwachia mteja ajaribu kwa uzito mdogo, na anamtazama kwa mbele na kwa ubavu, maana magoti yanayoingia ndani huonekana vizuri ukiwa mbele. Akiona kosa, arekebishe kwa maneno machache. Goti likiuma, abadilishe zoezi, kwa mfano mteja akae na kuinuka kwenye benchi la juu kidogo. Ushauri wangu ni ule ule: acha kuhesabu kwa sauti. Mteja anajua kuhesabu. Asichokiona ni magoti yake.

Dhana: Cheti chochote cha "kimataifa" kinakubalika.

Neno hilo yeyote anaweza kulichapa. Kwa Uingereza, tafuta jina kamili la cheti kwenye rejista ya Ofqual, chombo kinachosimamia vyeti na mitihani, kabla hujatoa hela. Kozi fupi ya mtandaoni yenye alama za CPD, yaani za kujiendeleza kikazi, ni nyongeza tu juu ya cheti chenyewe. Anayelenga Marekani aangalie ithibati ya NCCA, chombo cha huko kinachokagua ubora wa vyeti vya kikazi, na ajue kwamba mitihani ya mashirika ya huko kama ACE na NASM ni ya kuchagua majibu. Hakuna mtahini wa kumtazama akifundisha.

Dhana: Nikiwa na Leveli 2, bima inanikinga kwa lolote.

Bima hufuata kile ulichosomea. Leveli 2 ni ya kumwelekeza mteja ukumbini. Kumpangia mtu programu yake binafsi ni kazi ya Leveli 3. Na kama umejiajiri, usidhani bima ya jimu inakuhusu. Wasiliana na kampuni ya bima kabla ya kulipa ada ya kozi, taja jina la cheti na kazi utakayofanya, uombe jibu kwa maandishi.