Kugawa kwa mbili mpaka sifuri: yanayokosewa katika kupata namba ya binari

Njia ya kugeuza namba ya kawaida kuwa ya binari, yaani inayoandikwa kwa 0 na 1 tu, ni fupi. Gawa namba kwa mbili, andika baki pembeni, chukua jibu uligawe tena kwa mbili, endelea hivyo mpaka jibu liwe sifuri, kisha soma mabaki kutoka chini kwenda juu. Wengi huikariri hivyo na mtihani wakaupita. Ila asiyejua baki lina maana gani hukosea palepale kila mara, na hajui kwamba amekosea. Tutumie namba moja tu, 52, mwanzo mpaka mwisho.

```
52 / 2 = 26   baki 0
26 / 2 = 13   baki 0
13 / 2 = 6    baki 1
 6 / 2 = 3    baki 0
 3 / 2 = 1    baki 1
 1 / 2 = 0    baki 1
```

Ukisoma mabaki kutoka chini unapata 110100. Hiyo ndiyo 52 kwa binari.

Dhana potofu: kusoma kutoka chini ni sheria ya kukariri tu, haina sababu.

Sababu ipo, na ukiiona mara moja huwezi tena kugeuza mpangilio. Chukua machungwa 52 ya Muheza, yamemwagwa juu ya turubai kwa muuzaji wa Ngamiani, Tanga. Yapange mawili mawili. Unapata mafungu 26 ya machungwa mawili, na hakuna chungwa lililokosa mwenzake. Hilo ndilo baki 0 la kwanza: linahusu chungwa mojamoja. Sasa unganisha mafungu hayo mawili mawili. Unapata mafungu 13 ya machungwa manne, na hakuna fungu la mawili lililobaki pekee. Hilo ni baki 0 la pili.

Unganisha tena. Mafungu 13 ya manne yanatoa mafungu 6 ya nane, lakini fungu moja la manne limekosa mwenzake. Liweke kando, baki 1. Mafungu 6 ya nane yanatoa 3 ya kumi na sita, halibaki kitu. Matatu ya kumi na sita yanatoa moja la thelathini na mbili, na moja la kumi na sita linabaki kando. Mwishoni kuna fungu moja tu la thelathini na mbili. Halina mwenzake wa kufanya sitini na nne, kwa hiyo nalo linakaa kando.

Hesabu sasa yaliyokaa kando: 32, 16 na 4. Jumla ni 52. Baki la kwanza lilikuwa la machungwa mojamoja, la mwisho likawa la fungu kubwa kuliko yote. Na sisi namba tunaiandika tukianza na thamani kubwa kushoto, kama tunavyoandika makumi kabla ya mamoja. Ndiyo maana baki la mwisho linatangulia. Ukisoma kutoka juu unapata 001011, ambayo ni 8 na 2 na 1, yaani 11.

Dhana potofu: jibu likifika 1, kazi imekwisha.

Hili ndilo kosa linaloumiza wanafunzi wengi zaidi, kwa sababu macho yanaona 1 na kudhani hakuna cha kugawa tena. Kipo. Moja kugawa kwa mbili ni sifuri, baki 1, na baki hilo ndilo fungu la thelathini na mbili. Ukiacha mstari wa mwisho unapata 10100, yaani 20. Umepoteza 32 nzima.

Unaweza kulitambua bila kurudia kazi yote. Namba yoyote ya 1 na kuendelea, ikigawiwa hivi, lazima mstari wake wa mwisho uwe na jibu 0 na baki 1. Na idadi ya tarakimu unaweza kuijua kabla hujaanza: 52 imefika 32 lakini haijafika 64, kwa hiyo inahitaji nafasi za mafungu ya 32, 16, 8, 4, 2 na 1, yaani tarakimu sita. Ukipata tano, kuna mstari umeuruka.

Dhana potofu: baki 0 halina kitu, liache.

Ukiandika mabaki ya 1 peke yake unapata 111, ambayo ni 7. Sifuri inashika nafasi. Inasema kwamba katika fungu la ukubwa huo hakuna lililobaki, na kwa kusema hivyo inazisukuma tarakimu nyingine mahali pake. Sifuri zinazoweza kuondolewa bila madhara ni zile za kushoto kabisa. Ndiyo maana 110100 na 00110100 ni namba ileile. Ya pili imejazwa kufikia biti nane, yaani baiti moja.

Dhana potofu: kikokotoo cha simu kitakupa baki.

Kikokotoo cha kawaida hakitoi baki. Ukigawa 13 kwa 2 kinaonyesha 6.5, na hapo watu hugawanyika: mmoja anaandika baki 5, mwingine anaendelea kugawa 6.5. Wote wamepotea. Hiyo .5 ni nusu, na nusu ya mbili ni 1, kwa hiyo maana yake ni baki 1. Andika 1, futa .5, endelea na 6. Kikitoa namba nzima, baki ni 0. Hata hicho kikokotoo huhitaji: namba witiri huacha baki 1, namba shufwa huacha 0. Kwa hiyo tarakimu ya mwisho kulia ya 52 lazima iwe 0. Ikiwa 1, umegeuza mpangilio au umekosea mgawanyo wa kwanza.

Dhana potofu: 110100 ni laki moja, elfu kumi na mia moja.

Huo ni usomaji wa mfumo wa kumi. Kwa binari zisome moja moja: moja, moja, sifuri, moja, sifuri, sifuri. Ukitaka kuhakiki kwa kompyuta, lugha ya programu ya Python inafanya hivi:

```
>>> bin(52)
'0b110100'
>>> int('110100', 2)
52
```

Hiyo `0b` ya mwanzo si sehemu ya namba. Ni alama ya kuijulisha lugha kwamba kinachofuata ni binari, ili isije ikachanganywa na namba ya kawaida. Ukinakili jibu kwenye daftari, usiiandike.

Dhana potofu: njia hii inafaa hata kwa namba yenye nukta.

Kugawa kwa mbili ni kwa namba nzima. Kwa 52.5, sehemu ya 52 inagawiwa kama tulivyofanya, lakini .5 inazidishwa kwa mbili: 0.5 mara 2 ni 1.0, unachukua ile 1 ya mbele ya nukta, na jibu ni 110100.1. Hapa tarakimu zinasomwa kutoka juu kwenda chini, kwa sababu ya kwanza kutoka ni nusu, ya pili ni robo, thamani zinashuka. Jaribu 0.1 kwa njia hiyo: unapata 0.2, kisha 0.4, 0.8, 1.6, halafu .6 inakupa 1.2, na .2 inakurudisha kwenye 0.4. Mzunguko huo haukomi, kwa hiyo kompyuta inayohifadhi 0.1 kwa binari inalazimika kuikata mahali fulani.