Kugawa dau kwa farasi watatu si hela ya bure

Jumapili iliyopita, kabla ya mbio za tatu pale uwanja wa farasi wa Ngong, kijana mmoja alinifuata na simu mkononi. "Mzee, nimepata dawa. Nadachi, yaani nagawa dau langu kwa farasi watatu, na yeyote akishinda faida yangu ni ileile. Sasa buki, huyu anayepokea madau, atanipatia wapi?"

Swali hili nimeshalijibu hadi nimechoka. Anakupatia kwa wale wanne uliowaacha, mwanangu. Mbio zilikuwa na farasi saba.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Ubaoni farasi wake watatu walikuwa 3/1, 5/1 na 7/1, yaani faida ya shilingi tatu, tano au saba kwa kila shilingi uliyoweka. Kwanza ongeza moja kwa kila bei, kwa sababu ukishinda unarudishiwa na dau lako: zinakuwa odi 4.00, 6.00 na 8.00. (Wanaosahau hiyo moja ndio wanaokuja kulalamika kwamba faida haikulingana.) Kisha gawa 1 kwa kila odi, upate 0.25, 0.1667 na 0.125. Jumla ni 0.5417. Kila farasi anapewa fungu la dau kulingana na namba yake. Kijana alikuwa na shilingi 2,600, kwa hiyo 1,200 kwa wa kwanza, 800 kwa wa pili, 600 kwa wa tatu. Zidisha kila dau kwa odi yake: mara zote tatu ni 4,800. Toa 2,600, faida ni 2,200.

Safi. Lakini angalia ulichonunua. Umenunua farasi mmoja wa kubuni mwenye odi takriban 1.85, basi. Ili usipoteze, mmoja wa hao watatu lazima ashinde zaidi ya mara 54 katika mbio 100. Kulingana kwa faida hakusemi lolote kuhusu hilo. Nilijumlisha bei za farasi wote saba ubaoni kwa njia hiyohiyo, nikapata 1.18 badala ya 1. Hiyo 0.18 ndiyo riziki ya buki. Ukiamini bei zake jinsi zilivyo, nafasi ya watatu hao ni 0.5417 gawa kwa 1.18, yaani karibu asilimia 46. Kwa dau la 2,600, wastani wa kupoteza ni kama shilingi 400 kila mbio. Kuligawa dau hakukupunguza hata senti.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa. Watu huchagua farasi kwanza, halafu wanaikabidhi programu ya kugawa dau, na hakuna anayeuliza kama kila farasi anastahili bei yake. Mimi niliwapa wale watatu nafasi ya kushinda ya asilimia 22, 20 na 14. Jumla ni 56, zaidi ya 54, kwa hiyo kifurushi kizima kinalipa: wastani wa shilingi 88. Lakini kifungue. Wa 5/1 anakuletea wastani wa 160, na wa 7/1 anakuletea 72. Yule wa 3/1, ambaye amemeza 1,200 kati ya 2,600, anakupotezea 144! Wawili wanafanya kazi, mmoja anakula. Na kwa kuwa mgawo huu humpa pesa nyingi mwenye odi ndogo, ukikosea nafasi za farasi kwa uwiano uleule, kosa la yule anayependwa na kila mtu ndilo linalokugharimu zaidi.

Nikamwambia kijana amtoe huyo wa 3/1. Hapa nikiri mambo mawili. Kwanza, hiyo asilimia 22 ni jicho langu tu. Daftari langu linaonyesha nimewahi kukosea kwa pointi tano na zaidi, na pointi tatu tu zinatosha kuifuta hasara hiyo. Pili, ukimtoa unabaki na nafasi ya asilimia 34, na ukicheza muda mrefu, mbio nane mfululizo bila kushinda si ajabu. Lau angekuwa anapoteza kidogo tu, huenda ningemwacha kama kinga. Anayekwambia mpaka uko wapi hasa, mwombe akuonyeshe daftari lake.

Na hata hiyo "faida ileile" ina mashimo. Kwenye toti, ambako madau ya wote huwekwa pamoja na kugawiwa walioshinda, odi ya mwisho huijui hadi dirisha lifungwe, kwa hiyo mgawo wako ni makisio. Farasi wako akifika sare na asiye wako, unalipwa nusu: 2,400 kwa 2,600 uliyotoa, yaani umeshinda na umepoteza 200. Wakifika sare wawili wako, kila mmoja analipa nusu na jumla inarudi 4,800, hapo huna neno.

Kijana hakumtoa. Mimi nilimtoa, nikaweka 800 na 600 yangu kwa wale wawili. Wa 3/1 akashinda kwa urefu wa shingo. Kijana akaenda kuchukua 4,800 zake huku ananitazama, nami nilikuwa na tiketi mbili za kutupa.