Upendeleo wa walionusurika na uhusiano bandia: wasiokuwemo kwenye jedwali

Mwanafunzi wa biashara anataka kujua kwa nini baadhi ya maduka ya Kariakoo hudumu. Anazunguka na dodoso, anahoji wenye maduka 40 waliokaa zaidi ya miaka kumi, na kugundua kwamba 30 kati yao hawakuanza kwa mkopo. Anaandika: asilimia 75 walianza kwa akiba zao, kwa hiyo kuepuka mkopo husaidia duka kudumu.

Idadi zake ni sahihi, hitimisho ndilo halina msingi. Tuseme mwaka walioanza hao 40 palifunguliwa maduka 200. Mengine 160 yamefungwa, na fremu zao sasa zina wapangaji wengine. Ikiwa 120 kati ya hayo 160 nayo yalianza bila mkopo, basi ni asilimia 75 vilevile. Walioanguka na waliosimama wanafanana, na mkopo haujaeleza lolote. Huu ndio upendeleo wa walionusurika: kupima waliovuka chujio peke yao, kisha kuzungumza kana kwamba umewapima wote walioingia. Habari za magazetini kuhusu tabia za matajiri au siri za kampuni zilizodumu miaka 50 zimejengwa hivyo hivyo, kwani aliyekuwa na tabia zilezile akafilisika hatafutwi na mwandishi.

Dawa yake ni kuanzia mwanzo wa safari badala ya mwisho. Mwanafunzi yule angechukua orodha ya leseni za biashara zilizotolewa mwaka ule, achague sampuli humo, kisha awafuatilie wote, hata waliofunga na kurudi kwao. Ni kazi ngumu, maana aliyefunga hapatikani kirahisi kwa simu. Lakini asipomtafuta, hana cha kulinganisha.

Wakati mwingine walioanguka hawapatikani kabisa. Abraham Wald, mwanahisabati aliyekuwa katika kundi la utafiti wa takwimu la Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikutana na hali hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jeshi lilikuwa na takwimu za matundu ya risasi kwenye ndege zilizorudi kutoka vitani. Zilizotunguliwa zilibaki huko huko. Wengi wanakijua kisa hiki kwa picha ya ndege yenye vitone vyekundu vinavyoonyesha matundu, lakini uzuri wa kazi ya Wald uko kwenye hesabu.

Katika mfano mmoja alioufanyia kazi, ndege 400 zinatumwa na 380 zinarudi. Kati ya hizo, 320 hazina tundu, 32 zina tundu 1, 20 zina matundu 2, 4 zina matatu, 2 zina manne na 2 zina matano. Hatujui zile 20 zilizopotea zilipigwa mara ngapi. Wald akaweka masharti mawili: ndege haipotei bila kupigwa, na kila pigo lina uwezekano uleule wa kuiangusha, hata kama imeshapigwa kabla. Tukiita uwezekano wa kustahimili pigo moja q, basi zile 32 ni sehemu iliyobaki ya ndege zilizopigwa mara moja, na idadi yao ya awali ni 32/q. Zenye matundu mawili zilikuwa 20/q², na kuendelea. Jumla ya zote zilizopigwa, zilizorudi na zilizopotea, lazima iwe 80, yaani 400 kutoa zile 320 zisizo na tundu:

```
32/q + 20/q² + 4/q³ + 2/q⁴ + 2/q⁵ = 80
```

Jibu ni q = 0.85 hivi, yaani kila pigo lina uwezekano wa karibu asilimia 15 wa kuiangusha ndege. Hapo waliopotea wanaanza kuonekana: ndege zilizopigwa mara moja zilikuwa karibu 38, kwa hiyo takriban 6 zilianguka kwa pigo moja tu. Udhaifu wa njia hii uko kwenye sharti la pili. Pigo la injini si sawa na pigo la bawa, ndiyo maana Wald aliendelea kugawa hesabu kwa sehemu za ndege. Sehemu yenye eneo kubwa lakini matundu machache kwenye ndege zilizorudi ndiyo ya kutilia shaka, kwa kuwa zilizopigwa hapo hazikurudi kuhesabiwa.

Chujio hilohilo laweza pia kuzalisha uhusiano ambao haupo. Chukua waombaji 100 wa chuo. Nusu ni hodari wa hesabu, nusu ni hodari wa insha, na mambo hayo mawili hayahusiani: 25 wanaweza yote, 25 hesabu tu, 25 insha tu, 25 hawawezi lolote. Chuo kinamchukua yeyote aliye hodari katika jambo moja au yote mawili, kwa hiyo wanaingia 75. Sasa pima ndani ya chuo. Kati ya hodari 50 wa hesabu, wa insha ni 25, yaani nusu. Kati ya 25 wasio hodari wa hesabu, wote ni hodari wa insha, maana bila insha wasingeingia. Mtafiti atatangaza kwamba hesabu huharibu uandishi, na kompyuta itamuunga mkono. Kuongeza sampuli hakusaidii: waombaji 10,000 watatoa jibu lilelile.

Huo ni uhusiano bandia uliozaliwa na chujio. Unaowanasa zaidi wanafunzi wa uchumi ni ule unaozaliwa na wakati. Mwaka 1926 mwanatakwimu wa Uingereza George Udny Yule alionyesha kwamba Uingereza na Wales, kuanzia 1866 hadi 1911, sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana na kiwango cha vifo vilikuwa na uwiano wa 0.95, kipimo cha jinsi mambo mawili yanavyokwenda pamoja ambacho upeo wake ni 1. Hakuna aliyekufa kwa kuoa kanisani. Vyote viwili vilikuwa vikishuka mwaka hadi mwaka, na hilo linatosha kutoa namba kubwa. Ndivyo ilivyo kwa anayelinganisha laini za simu na pato la taifa, vyote vikipanda.

Jaribio lake ni jepesi. Kwenye Excel, weka safu ya kwanza ya takwimu za miaka sita, B2 hadi B7: 10, 13, 14, 18, 19, 23. Ya pili C2 hadi C7: 40, 41, 45, 46, 50, 51. Kisha toa kila mwaka kutoka mwaka unaofuata, na ushushe fomula za D3 na E3 hadi mstari wa 7:

```
=CORREL(B2:B7,C2:C7)
D3: =B3-B2
E3: =C3-C2
=CORREL(D3:D7,E3:E7)
```

Uwiano wa kwanza ni 0.95. Wa mabadiliko ni -0.96: mwaka ambao safu moja iliruka sana, nyingine ilisogea kidogo. Tarakimu hizi zimepangwa makusudi ili tofauti ionekane, na data halisi mara nyingi itashuka karibu na sifuri tu. Uangalifu unatakiwa upande wa pili pia. Kama jambo moja huathiri jingine polepole, baada ya miaka mitatu au minne, kutoa mwaka kwa mwaka kutaufuta hata uhusiano wa kweli. Hapo jaribu kulinganisha mabadiliko ya safu moja na yale ya nyingine ya miaka kadhaa baadaye, na uamue idadi ya miaka hiyo kabla ya kufungua data. Ukijaribu pengo moja baada ya jingine hadi lipatikane la kupendeza, utakuwa umetengeneza chujio lako mwenyewe.