Dawa Zinazokausha Macho au Kuleta Ukungu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: Maandishi yakianza kufifia, mtu anahitaji miwani mpya.

Huenda ni kweli, lakini kabla ya kwenda kupima miwani ni vyema kuangalia kwanza vidonge vinavyomezwa. Dawa za mzio za kizazi cha kwanza, kama vile klofeniramini na promethazini, hazizuii histamini peke yake. Huzuia pia asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuziamuru tezi za machozi zitoe maji, mboni isinyae kwenye mwanga, na msuli unaoizunguka lenzi ujikaze tunapotazama kitu cha karibu. Amri hiyo isipofika, macho hukauka, mwanga mkali huyasumbua, na maandishi ya simu hufifia ilhali kibao kilicho ng'ambo ya barabara kinasomeka bila taabu.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye umri wa miaka 43 anayemeza klofeniramini ya miligramu 4 mara tatu kwa siku kwa sababu ya mzio wa pua. Anapatwa na mafua, ananunua vidonge vya mafua, wala hatambui kwamba vingi kati ya hivyo vina klofeniramini hiyo hiyo ndani yake, ikiwa imechanganywa na dawa ya maumivu. Sasa anameza dozi zaidi ya aliyokusudia. Katika umri huo lenzi ya jicho imekwisha kuanza kuwa ngumu, hivyo hata udhaifu mdogo wa ule msuli unaonekana mara moja: anausogeza ujumbe mbali na uso ndipo ausome. Akipimwa wiki hiyo, anaweza kupewa miwani ya kusomea yenye nguvu kuliko anayoihitaji, na dawa ikishatoka mwilini miwani hiyo itamkera. Ilimpasa asome viambato vya kila pakiti, amwulize mfamasia kama loratadini au setirizini ingemfaa (hizi hugusa asetilikolini kidogo sana, ingawa nazo zinaweza kukausha macho ya baadhi ya watu), kisha asubiri siku kadhaa ndipo apimwe, kwa kuwa klofeniramini huondoka mwilini polepole.

Dhana potofu: Jicho linalotoa machozi haliwezi kuwa kavu.

Jicho lililokauka huwashwa, na mwasho huo huifanya tezi imwage machozi kwa ghafla, ambayo humwagika mashavuni badala ya kutulia juu ya jicho. Kwa hiyo mtu anaweza kulalamika kwamba macho yanamtoka machozi, hasa kwenye upepo au baada ya kukodolea skrini, kumbe chanzo ni ukavu.

Kuna njia rahisi ya kuutambua ukungu wa namna hii. Pepesa macho mara mbili tatu. Ukungu wa ukavu hupungua kwa muda kisha hurudi, lakini ule wa msuli uliolegea haubadiliki hata ukipepesa. Ukavu hutulizwa na matone ya machozi bandia. Matone ya kuondoa wekundu ni kitu kingine kabisa: hubana mishipa ya damu tu, na yakitumiwa kwa siku nyingi wekundu hurudi ukiwa mbaya zaidi.

Dhana potofu: Kidonge cha presha kikisumbua macho, kiache mara moja.

Hapa jibu hutegemea kidonge chenyewe. Dawa za kundi la vizuia beta, kama atenololi na propranololi, zinaweza kupunguza machozi, na ukavu huo husumbua lakini hauhitaji papara. Kinyume chake, kuziacha ghafla kunaweza kuufanya moyo uende mbio, kuleta maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Daktari ndiye hupunguza dozi hatua kwa hatua au kubadilisha dawa.

Haidroklorothiazidi, kidonge cha kukojoza kinachotumika sana kwa presha, ina hatari ya nadra ambayo haingoji miadi. Saa chache hadi wiki chache tangu mtu aianze, maji yanaweza kujikusanya nyuma ya lenzi na kuisukuma mbele. Mgonjwa ghafla haoni vizuri vitu vya mbali, yaani kinyume cha yule wa klofeniramini, na shinikizo ndani ya jicho likipanda huja maumivu makali, wekundu, duara za rangi kuzunguka taa, pengine na kutapika. Ni lazima afike hospitali siku hiyo hiyo akiwa na pakiti ya dawa mkononi, na aitaje dawa hiyo bila kungoja kuulizwa, kwa kuwa tiba huanza kwa kuisimamisha, na kuchelewa kunaweza kumpotezea uwezo wa kuona moja kwa moja.